Mzee aliniachia mboga mezani akaenda kununua kwa jirani

Anti shikamoo, pole na majukumu. Naomba jina langu lisitoke maana soko letu ni dogo na watu wanakusoma.

Nina miaka 27, watoto wawili, nauza mboga za majani, nyanya na vitunguu kwenye soko la mtaani huku Temeke, mwaka wa tatu sasa. Kuna mzee anakuja karibu kila jioni kwenye saa kumi na mbili, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi, kikapu chake mkononi na kimfuko cha kitambaa kimefungwa na uzi. Anapatana huyo Anti, sijawahi kuona. Siku moja kaniuliza mchicha shingapi mjukuu wangu, nikamwambia fungu mia tatu babu, akasema huu umepigwa na jua tangu asubuhi, nipe kwa mia na hamsini. Tukabishana weee mwisho nikampa. Akahamia kwenye nyanya, nauza nne mia tano, akachukua mbili akanionyesha doa akasema mia mbili. Nikakubali. Kitunguu nauza mia mbili, akatafuta kile kidogo kuliko vyote akasema mia. Nikacheka nikampa. Akafungua uzi, akatoa mia mbili ya simba, mia mbili za swala na hamsini moja, akakigeuza kimfuko akakikung'uta, hakikubaki kitu. Ile picha haijanitoka.

Siku tatu baadaye alivyokuja sikusubiri aulize bei, nikamjazia mchicha, nyanya sita na vitunguu kwenye kikapu, nikamwambia babu leo chukua tu hela yako weka. Watu wapo wanasikia. Akanitazama, akavitoa kimoja kimoja akavirudisha mezani, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sijaja kuomba, nimekuja kununua." Akaenda meza ya pili. Sasa ni siku ya tisa ananunua kule, yule mama hapunguzi hata mia, kwa hela ileile anaondoka na mchicha na nyanya moja, kitunguu hakuna. Ananipita ananiitikia salamu tu.

Wenzangu hapa mstarini wanasema afadhali, nilikuwa naharibu bei. Mume wangu anasema mtaji wa kikoba sio sadaka, na kweli narejesha kila wiki. Ile siku nilinunua tuta la mchicha elfu kumi, bajaji elfu mbili, nikafunga mafungu 60, mzee anafika nilishauza 47. Nyanya sado moja elfu nne zilikuwa 40, vitunguu kilo elfu mbili vilikuwa 16. Nimeandika yote uone sikudanganyi, mtaji wangu ni mdogo.

Nimrudishe vipi bila kumuumiza tena? Au nimwache? Naona kama hana mtu, ile ndo ilikuwa hela yake ya mwisho, na mimi nimemfukuza.

Mjukuu wa Babu, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na asante sana kwa kuniandikia mpaka hesabu za sado, wengi wananiandikia machozi matupu namba hawaweki, halafu na mimi nabaki kubahatisha. Mimi nimekaa nyuma ya meza ya mboga miaka kumi na moja kabla miguu haijakataa, kwahiyo barua yako niliisoma huku kama naisikia harufu ya gunia bichi. Naomba tuanzie kwenye hizo namba zako, moyo tutaufikia, kwasababu naona wewe na mumeo na majirani zako wote mnaongea kama vile yule mzee alikuwa anakula mtaji, na mimi sina uhakika kama kuna mtu kati yenu amekaa chini akapiga hesabu.

Mchicha ulikugharimu elfu kumi na mbili ukiweka na bajaji, na bajaji yote nimeubebesha mchicha wakati ilibeba na nyanya, basi tuseme hivyo. Mafungu 60, kila fungu limekusimamia kwenye mia mbili. Unauza mia tatu. Maana yake ukishauza mafungu 40 hela yako yote ya mchicha imerudi, na wewe mzee anafika ulishauza 47. Yalibaki 13, saa kumi na mbili jioni, jua linazama, wanaotoka kazini wanapita na haraka zao. Sasa niambie kweli, katika yale 13 ulitegemea kuuza mangapi? Unajua mwenyewe mchicha ukilala, unaunyunyizia maji unaufunika na gunia, asubuhi majani ya juu yamesimama kidogo lakini ya chini ni ya njano na pale ulipofungwa na kamba pameanza kuteleza. Unaupeleka kwa mwenye mbuzi. Kwahiyo ile mia na hamsini ya mzee haikutoka kwenye mia tatu yako, ilitoka kwenye fungu ambalo kesho yake lingekuwa sifuri. Pale wewe uliingiza hela mwanangu, hukutoa.

Nyanya ni habari nyingine na hapa ndo nataka uwe makini. Sado elfu nne nyanya 40, kila moja imekusimamia mia. Alichukua mbili kwa mia mbili, kwahiyo hukupata wala hukupoteza, ila nyanya inalala na kesho inauzika, ungeweza kuisubirisha ikakupa ile faida yake ya ishirini na tano. Na ile yenye doa unajua haisubiri, doa la jioni asubuhi ni shimo, tena linaambukiza wenzake kwenye ndoo, kwahiyo hata pale sijui kama aliyekula ni yeye au alikusaidia kutoa mgonjwa ndani ya nyumba. Kitunguu ndo ulipoteza. Kilo elfu mbili vitunguu 16, kila kimoja mia na ishirini na tano, na kitunguu hakina haraka, kinakaa wiki kikiwa kikavu. Ukampa kwa mia. Hasara yako yote ya jioni ile ni shilingi ishirini na tano, hela ambayo hata sarafu yake huioni sokoni siku hizi, na tena alichagua kidogo kuliko vyote, inawezekana hata hiyo ishirini na tano haikufika.

Sikwambii hivi ili ujione mjanja mbele ya mumeo. Mumeo ana hoja, tena kubwa. Hesabu hii inasimama kwa mzee mmoja, fungu moja, saa kumi na mbili, baada ya mtaji kurudi. Ukiipeleka saa nne asubuhi inaanguka. Ukimfanyia kila mtu inaanguka. Na zile nyanya sita na vitunguu ulivyomjazia kwenye kikapu siku ya pili, ile sasa ilikuwa mia sita ya nyanya tupu kwa bei uliyonunulia, bila kitunguu, na hiyo ni hela ya kikoba kweli. Kwahiyo ona ajabu yake, siku aliyopatana na wewe mpaka ukacheka hukupoteza kitu, siku uliyompa bure ndo ungepoteza, na yeye ndo akairudisha mezani.

Sasa tumuangalie mzee mwenyewe. Umeandika ni mtu aliyeishiwa, hana mtu, amekung'uta hela ya mwisho. Inawezekana kabisa. Lakini mimi nimesoma zile bei alizokutajia nikazijumlisha, mia na hamsini, mia mbili, mia. Ni mia nne na hamsini kamili. Na kwenye kimfuko mlikuwa na mia nne na hamsini kamili. Mtu anayekuja kubahatisha hawezi kupiga hivyo, angepatana vyote akafika mwisho amepungukiwa na hamsini au amebakiwa na mia. Huyu alishazigawa hela zake kabla hajafika kwako, hii ya mchicha, hii ya nyanya, hii ya kitunguu, afu akaja kutafuta bidhaa za kuingia kwenye kila sehemu. Ndomana alitafuta nyanya yenye doa na kitunguu kidogo, alikuwa anatafuta kitu kinachostahili ile bei, sio kwamba anakulilia ushushe. Na saa kumi na mbili nayo haikuwa bahati mbaya, anajua kabisa mchicha wa saa hizo una bei gani.

Nimewaona wazee wengi wa namna hiyo, na baadhi yao hela ya mwezi wanaigawa kwa siku, nyingine inabaki nyumbani kwenye kopo, kwenye kimfuko inaingia ya leo tu ili mkono usiteleze. Kwahiyo kukung'uta kimfuko inaweza kuwa ni mwisho wa hela, na inaweza kuwa ni mwisho wa hela ya leo. Sijui. Na wewe hujui. Na hivi ni vitu viwili tofauti sana, mmoja ana njaa na mwingine ana mpango.

Kitu kingine ambacho hujakiandika na natamani ungeandika: huwa anachagua mboga gani siku nyingine? Kwasababu mboga inaongea. Kisamvu ni rahisi lakini hakinunuliki kwa mtu mwenye hela ndogo, kinataka kutwangwa, kinataka nazi au karanga, kinataka mkaa wa saa nzima na zaidi, ukijumlisha unakuta ni ghali kuliko mchicha ambao unaiva kabla hata mkaa haujakolea vizuri. Kama hajawahi kugusa kisamvu chako basi kuna uwezekano anapika mwenyewe na mkaa anauhesabu. Kama huwa anaomba yale majani teke, anatoa vikonyo vyote, basi huenda nyumbani kuna mtu asiyeweza kutafuna, anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa mke mgonjwa. Na nyanya mbili na fungu zima la mchicha kila jioni, kwa mzee mmoja, mimi naona kama ni sahani mbili. Umeandika hana mtu. Labda yeye ndo mtu wa mtu.

Nakuja kwenye ile siku ya bure. Mwanangu sikulaumu, ulichofanya kilitoka mahali pazuri na ningekuwa na umri wako ningefanya hivyohivyo, nimeshafanya. Ila jiweke kwenye ile kanzu. Umeshika hela yako, umeshapanga maneno, njiani umeshaamua leo utamwambia nini binti wa mboga kuhusu ukubwa wa fungu lake, afu unafika, hujasema kitu, hata shikamoo haijaitikiwa vizuri, kikapu kimejaa na sauti inasema mbele ya watu, hela yako weka. Zile sarafu zake ulizikataa. Kwenye meza ya mboga mtu mwenye sarafu ni mteja, anaruhusiwa kusema mchicha wako umelala, anaruhusiwa kuguna, anaruhusiwa kutishia kwenda kwa jirani. Asiyelipa haruhusiwi kuchagua wala kulalamika, anapokea. Kwa dakika moja ulimtoa upande mmoja ukampeleka upande wa pili, na watu wanaona. Na kuna hili pia, yale mabishano yenu ya mpaka ukacheka, kwa mzee ambaye labda siku nzima hajaongea na mtu zaidi ya salamu, huenda nayo aliyafuata. Kwa jirani yako anapoteza nyanya na kitunguu kila siku, hilo umeliona, ila kwa yule mama asiyepunguza hata mia anapoteza na maongezi.

Halafu kuna majirani zako wa mstarini. Usiwachukie kwa ile kauli ya kuharibu bei, wana haki yao. Meza zikiwa zimepangana bei ya mmoja ni bei ya wote, mteja akisikia huku mchicha mia na hamsini anaenda kumsumbua yule mwenye mia tatu, na yule mwenye mia tatu naye ana watoto na kikoba. Ndomana wazee wetu wa sokoni walikuwa hawagusi bei, wanagusa fungu. Bei inabaki ileile siku nzima, mkono ndo unabadilika, asubuhi fungu linakuwa jembamba, jioni linanenepa. Ukisema mia na hamsini kwa sauti mstari mzima umesikia, ukifungua fungu moja ukaligawa mara tatu ukafunga vifungu vidogo vya mia mia hakuna aliyeharibiwa bei, mia kwa kifungu kidogo ndo mia tatu kwa kikubwa.

Hapo ndo naona njia mojawapo, sisemi ndo yenyewe. Ukifika saa kumi na moja na nusu na hela ya tuta imesharudi, chukua mafungu manne matano uliyobaki nayo, toa majani ya njano, funga vifungu vya mia, viweke pembeni kwenye sinia lao. Nyanya zenye doa nazo ziweke mbili mbili, mia au mia na hamsini ukiona inafaa. Vitunguu vidogo vitoe kwenye rundo uvipange peke yake. Sio kwa ajili ya mzee, kwa ajili ya yeyote anayepita, na wapo, kijana wa gheto anayepika mwenyewe hataki fungu zima, mama aliyebakiwa na mia mbili ya nauli. Mzee akipita anaona kuna sinia ambalo mia nne na hamsini yake inatembea vizuri bila mtu kumhurumia, na bado ana nafasi ya kukwambia vifungu vyako vidogo sana mjukuu wangu, ongeza.

Hatari zake zipo. Wateja wako wa mchana ni werevu, baada ya wiki mbili utakuta wengine wanasubiri sinia la jioni na wewe saa tisa meza imelala. Ukiona mafungu yaliyouzwa mpaka saa kumi yanapungua siku hadi siku wakati hali ya hewa na mwisho wa mwezi havijabadilika, ujue sinia linakula meza, punguza vifungu, siku nyingine usiweke kabisa. Na usije ukaligeuza sinia la taka. Mchicha uliochoka unafaa, ulioteleza haufai, harufu yake haiishi hata ukipikwa, na mzee aliyeona doa kwenye nyanya jioni kwenye taa hafifu ataona na hilo, na safari hii hatarudi kweli.

Njia ya pili ni nyongeza, na wewe unaijua vizuri kuliko mimi. Anapatana, mnabishana, mnafika bei, anahesabu hela yake anakukabidhi, biashara imeisha. Baada ya hapo ndo unatupia kitunguu, kichwa kimoja, bila hotuba. Tofauti na kile kikapu ulichojaza ni ndogo kwa macho lakini kwa mzee ni kubwa, nyongeza anapewa mteja, mwenye hela naye anapewa, mtu wa gari anapewa, ni desturi ya soko wala haina huruma ndani yake. Ila iwe nyongeza kweli. Ukinunuliwa mia mbili ukaongeza vitu vya mia tano hiyo sio nyongeza tena, atajua, na utakuwa umerudia kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Na hapa ndo ningependa ukae na mumeo mpange kiasi, sijui mtasema mia tatu kwa siku au mia tano, ya mzee na wengine wote, ikiisha imeisha. Yeye anaogopa kitu kisicho na mwisho, na mtu anayerejesha kila wiki ana haki ya kuogopa kitu kisicho na mwisho.

Kuna watakaokwambia muandikie kwenye daftari, atalipa akipata. Hii nakueleza kwa maumivu yangu. Nilikuwa na bibi mmoja mteja wangu, mchangamfu, nilimlazimisha kukopa, nikamwambia bibi chukua utalipa. Ikafika elfu moja na mia nane. Hela ndogo. Siku moja hakuja, na ya pili, nikadhani anaumwa, mpaka nikamuona siku ya mvua anapita kule nyuma ya soko kwenye tope, kanga ameinyanyua mkononi, anazunguka mbali ili asipite mbele ya meza yangu. Nilimkimbilia nikamwambia bibi deni nimelifuta, akasema asante mwanangu, na hakurudi. Elfu moja na mia nane yangu ilimfungia njia kavu ya kupita. Mtu asiyejua hela inayofuata inatoka wapi, deni la mboga linamkaa kifuani kuliko njaa. Wapo wanaoweza, wenye mshahara, wenye mtoto anayetuma kila mwezi. Huyu wako hatujui.

La mwisho ni lile la kutafuta hali yake halisi, kupitia mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Nimelifikiria sana kwasababu kama kweli kuna njaa ndani ya ile nyumba basi vifungu vya mia havitoshi. Wenzetu Zanzibar mzee akifika miaka 70 ana pensheni jamii tangu 2016, huku bara hatuna ya kila mzee namna hiyo. Kuna TASAF kwa kaya maskini, lakini walengwa wanatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa na sio kila siku dirisha liko wazi, kwahiyo usimuahidi mtu. Kuna matibabu bila malipo kwa mzee wa kuanzia miaka 60 asiyejiweza, hapo anahitaji kutambuliwa na kupata kitambulisho, na wengi wanakaa nyumbani wanaugua hawajui pa kuanzia, hilo unaweza kulitaja siku moja kama habari ya kawaida tu, babu wewe kitambulisho cha wazee unacho? Akisema anacho mmeishia hapo. Lakini kwenda kwa mjumbe bila yeye kujua, hapo mwanangu ningekaa nikawaza mara mbili. Mtaa una masikio. Mtu aliyetoa nyanya moja moja kwenye kikapu chake mbele za watu, akisikia jina lake limepelekwa ofisini kama hana kitu, na aliyelipeleka ni wewe, sijui kama patakuwa na siku ya kumi na tisa wala ya tisini. Kwa upande mwingine ukianza kumuona anapungua, anakosa kuja siku tatu nne mfululizo hata kwa jirani, anatetemeka, hesabu zimeanza kumchanganya, hapo sasa aibu inakuwa ndogo kuliko hatari, na mjumbe ndo atakuwa mtu wa kwanza. Mizani hiyo utaishika wewe uliyepo pale.

Umeniuliza pia kama umwache. Inawezekana kumwacha ndo heshima yenyewe, ni mtu mzima, amechagua meza, analipa bei ya mwenye meza. Na inawezekana anasubiri tu apate namna ya kurudi bila kuonekana amerudi. Kitu kimoja kinanifanya nifikirie hili la pili. Meza ya jirani iko palepale, anaweza kupita upande mwingine asikuone kabisa, kama bibi yangu wa tope. Hapiti. Anapita mbele yako na anaitikia salamu. Tena umeandika amekuita mjukuu wangu hata siku ile anarudisha vitu, angeweza kukuita chochote.

Ukitaka kujaribu basi usimuite, usimuombe radhi mbele za watu, hiyo nayo ni kumuweka tena jukwaani. Mpe shikamoo yake anapopita, kama siku zote, na uwe na kitu cha kumuuliza ambacho yeye anakijua kuliko wewe. Kwa mfano shika fungu la mchicha muulize, babu huu wa leo unauonaje, umepigwa na jua? Uulize ukiwa unataka jibu kweli, maana jicho lake la mboga ni zuri kuliko la wengi wanaonunua kwako. Akisimama akaukosoa, muache aukosoe mpaka amalize. Akikutajia bei, bishana naye. Bishana kweli, mwambie haiwezekani babu, tuta limepanda, usikubali haraka, kwasababu ukikubali haraka atasikia huruma ndani yake, ana masikio hayo. Kitunguu ndo usishuke chini ya mia na hamsini, hapo mumeo nami tuko pamoja, mtafutie kile kidogo. Na akisema leo hapana akaenda zake, muache aende, kesho jioni sinia liwepo palepale.

Niandikie tena. Nataka kujua huwa anachambua vikonyo au hachambui, na kama jirani yako anamuuzia nyanya yenye doa kwa bei ya nzima.

Anti wenu